Fungu la Mti

Kuitwa kwenye chumba cha mwonjaji wa kahawa hakukuwa jambo la heri, na mjane yule alilijua hilo tangu alipoipokea barua. Alikuwa amesimama kutwa nzima kwenye kitanda cha kuanikia, miguu ikimwaka moto, na sasa hata kiti alichoonyeshwa alikiogopa, asije akakaa akashindwa kuinuka. Msimu uliopita kahawa yake ilikataliwa. Ikikataliwa tena, kikundi cha wakulima kingemtoa.

Mwonjaji, ambaye wakulima walimwita Ulimi, alikuwa rafiki wa marehemu mumewe.

"Sogea, shemeji. Siumi."

Akamwaga buni zilizokobolewa juu ya sinia jeusi. Kwa mbali zilikuwa nzuri. Alipoinama aliona vitundu vya duara, kana kwamba mtu ameshinda akizidunga kwa sindano. Kingo za baadhi zilikuwa na weusi wa samawati. Nyingine zilikuwa na matundu matatu, na moja ilivunjika alipoigusa.

"Kwenye sampuli hii tu nimetoa mbovu sitini na mbili," Ulimi alisema. "Hukuelesha matunda kwenye maji?"

"Nilielesha. Yaliyoelea nikayatoa yote."

"Yanayoelea ni yaliyokwisha kuliwa. Mdudu aliyeingia juzi bado hajala kitu. Tunda lake linazama kama zima."

Kisha alimpa kijiko. Ulimi mwenyewe alivuta kahawa kwa kelele, akatema kwenye ndoo. Mjane alionja kwa adabu, kama anayeonja dawa. Mwanzoni hakuona kitu: kahawa imepooza, haina utamu wala uchachu. Baadaye ukaja uchungu mkavu, na nyuma yake harufu ya gunia lililolowa.

"Hilo gunia ni ukungu," Ulimi alisema. "Mdudu akitoboa mlango, ukungu nao unapita humo humo. Mitego unayo?"

"Kumi na miwili. Zile chupa nyekundu zenye spiriti. Zinajaa wadudu mpaka nachoka kumwaga."

"Na hao wadudu wanatoka wapi?"

Mjane akakiweka kijiko chini. Jibu alikuwa nalo tangu zamani, ila lilikuwa zito kulitoa mdomoni. Kila mavuno yalipoisha, mama mkwe wake aliamuru kila mbuni uachiwe konzi moja ya matunda. Aliliita fungu la mti. Alisema mti usioachiwa kitu hununa. Mjane alilikuta neno hilo alipoolewa, na hakuwahi kupata nguvu ya kulipinga. Mchana kutwa ni shamba. Jioni nani ana pumzi ya kugombana na mkwe?

Aliposimulia, Ulimi alivua miwani.

"Shemeji, msimu ukiisha, huyu mdudu hana kwao ila kwenye matunda yaliyosalia, ya mtini na yaliyoanguka. Humo anangoja matunda mapya yakomae. Wewe umempangisha bure." Akaandika kitu. "Mzigo huu sitaupitisha. Lakini nitakuja baada ya siku kumi. Nikikuta mibuni safi, nitawaandikia viongozi ubaki kikundini. Nikikuta matunda, sitakuwa na la kukusaidia."

Nyumbani alimkuta mama mkwe barazani. Hakusalimia vizuri. Alipita moja kwa moja shambani, akachuma tunda jeusi lililokauka, lenye tundu kitovuni, akarudi akalipasua kwa ukucha mbele ya bibi huyo. Ndani mlikuwa na mabuu meupe, na kidudu cheusi kidogo kuliko punje ya ufuta.

Bibi alikisogeza hadi karibu na jicho.

"Ndiye huyu anayekula fungu?"

"Ndiye, mama."

"Miaka yote?"

"Yote sijui. Mingi."

Bibi alikiponda kwa kidole gumba. "Nami nikajiona mkarimu," alisema. "Lete beseni. Matawi ya chini nayafikia."

Mibuni mia tatu. Walivua tunda baada ya tunda, mabichi na makavu, wakaokota na ya chini ya majani, wakayatumbukiza yote katika maji yanayochemka ili asitoke mdudu hata mmoja. Siku ya tano mjane hakuweza kukunja vidole. Siku ya saba bibi aliuita mgongo wake majina yasiyoandikika.

Siku ya kumi Ulimi alikuja, akapita mstari kwa mstari, akiinua matawi na kufukua majani. Bibi alimfuata nyuma na fimbo.

"Tafuta vizuri, una macho manne. Hata ndege wamehama kwa njaa."

Ulimi alifika mwisho wa shamba mikono mitupu, akachukua kalamu akaandika kwamba mkulima abaki. Akageuka kumpa karatasi mwenyewe. Mjane alikuwa amelala, ameegemea shina la mbuni, beseni tupu mapajani.

"Nipe mimi," bibi alisema. "Na ushushe sauti."