Sahani ya Pili

Ndege ya kwenda Dar es Salaam ilifutwa tukiwa tumeshafika uwanjani Mwanza. Nilikuwa nakwenda kupasuliwa jicho, na mume wangu alinisindikiza kwa basi kutoka Shinyanga. Ofisa wa shirika akagonga muhuri kwenye tiketi yangu. Akasema nikitaka kusafiri kesho yake nipitie Kilimanjaro, nilipe tofauti ya nauli, nile mjini, kisha nidai nikiwa na risiti.

Tukaingia hotelini. Kwetu Usukumani wanaume hula shikome, kwenye moto wao wa nje, nasi wanawake hula jikoni na watoto. Nilimpikia miaka yote ya ndoa bila kumwona akitafuna. Siku ile tuliketi meza moja, wali na sato. Alichambua miiba, akanisogezea minofu ya tumboni. Nilikuwa naona haya kama bibi harusi.

Nilipokuwa wodini Dar es Salaam, alifariki huko nyumbani. Niliporudi walikuwa wameshamzika.

Arobaini ilipopita, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alinipeleka Mwanza kudai. Karani wa shirika akapanga karatasi mezani: tiketi yenye muhuri, risiti ya tofauti ya nauli, risiti ya chakula. Mbili za kwanza hazikuwa na shida. Kwenye ya tatu akasita.

“Mama, abiria alikuwa nani?”

“Mimi.”

“Hapa pameandikwa wali samaki, mbili.”

“Ya pili ni ya mume wangu.”

“Alikuwa na tiketi?”

“Hapana. Alinisindikiza.”

“Basi hiyo hatuilipi. Tunalipia chakula cha abiria tu.”

Shemeji akaangua kicheko. “Bwana karani, huwajui Wasukuma? Sahani moja kwetu ni ya kuonja! Shemeji, mwambie ulikula zote mbili.”

Karani naye akatabasamu. Akaniuliza taratibu, “Labda moja ya mchana, moja ya jioni?” Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Nilijua ananihurumia, kwa kuwa nilikuwa na kaniki nyeusi ya msiba.

“Hapana,” nikasema. “Tulikula wote, saa ile ile.”

“Shemeji!” shemeji yangu akaninong’oneza. “Marehemu hatakasirika.”

Pengine kweli asingekasirika. Lakini kama ningekubali, karatasi ile ingesema nilikula peke yangu, na mlo ule ndio pekee tuliokula pamoja.

Nikamwomba karani anirudishie risiti. Akasema madai hayapiti bila risiti halisi. Itabaki kwenye faili. Mashine ya kunakili hawakuwa nayo.

Nikaiangalia kwa jicho langu zima. Kisha nikamwambia, “Kata hiyo mbili, lakini usiifute.”

Akapiga mstari mmoja juu ya mbili, akaandika moja pembeni, akatia sahihi. Ile mbili ilisomeka bado. Nikaweka dole gumba kwenye wino, nikapokea pesa.

Nje shemeji akaniuliza kama nina njaa. Nikamwambia twende stendi.