Laini ya Mama Raafat

Tafida, jirani yangu hapa Mahalla, Misri, alifanya kazi kiwanda cha nyuzi mpaka mashine zikamharibu masikio. Ukiongea naye lazima upaaze sauti, naye hujibu kwa sauti hiyohiyo, mtaa mzima ukajua ulikuja kuomba kitunguu. Mtu mzuri, mkaidi kupindukia. Mume alikwishakufa, aliyebaki ni Raafat, ambaye alikwenda Libya kutafuta njia ya kuvukia Italia.

Wasafirishaji wa magendo walimnyang'anya simu kule, akawa anaazima za watu. Namba ya mama ndiyo pekee aliyoijua kwa kichwa. Mara ya mwisho alimwambia, "Mama, nitakupigia kabla ya kupanda boti. Ukinikataza, sipandi." Tangu hapo simu ya Tafida haikuzimwa. Alilala nayo chini ya mto, na jibu lake lilikuwa tayari: rudi nyumbani.

Wiki hiyohiyo wakamwibia simu kwenye foleni ya mkate.

Nilimpa simu yangu ya zamani, nikampeleka duka la kampuni ya simu. Kijana wa kaunta, jina lake Shukri, alichukua kitambulisho cha Tafida, akahakikisha laini imesajiliwa kwa jina lake, akaifunga kadi iliyoibwa na kumtolea mpya yenye namba ileile. Akaichomeka mwenyewe na kuwasha simu.

"Hajati, sasa hivi itaandika hakuna huduma, usishtuke," alisema. "Inaweza kuchukua masaa kadhaa, hata siku nzima. Baadaye zima simu, uwashe tena."

"Nizime?"

"Uzime, uwashe. Ndipo itakaposhika mtandao."

"Mwanangu, mimi simu yangu haizimwi."

Shukri alinitazama, nami nikamkonyeza kwamba nitashughulika naye. Hilo ndilo kosa langu la kujiamini: kushughulika na Tafida!

Jioni simu ilikuwa bado bubu. Nilimwambia aizime. Akaikumbatia kifuani kama nimetaka kumla.

"Na akipiga wakati imezimwa?"

"Shoga, hata sasa hawezi kukupata! Haina mtandao!"

"Imewaka. Taa naiona."

"Taa ni ya betri! Basi tuiweke kadi kwenye simu yangu, tuone kama inashika."

"Kuitoa si ndiyo kuizima? Niache."

Nilikasirika, nikaenda zangu kulala. Siku iliyofuata nilishona nguo za watu kutwa nzima bila kumsemesha. Alikaa barazani, simu mapajani, akiitazama. Roho iliniuma, lakini nami nina kiburi changu.

Asubuhi iliyofuata nikashindwa. Nilipiga huduma kwa wateja kwa simu yangu, nikiwa naye ubavuni. Binti wa upande wa pili aliuliza namba ya laini, namba ya kitambulisho, na ile namba ndefu iliyochapwa kwenye kibebeo cha plastiki kilichokuja na kadi. Tafida alikitoa ndani ya mtandio.

"Laini ilifunguka kwetu tangu juzi jioni," binti alisema. "Mama amezima simu na kuiwasha?"

Nilirudia maneno hayo kwa sauti ya kiwandani. Tafida akaninyooshea simu huku amefumba macho. "Zima wewe. Mkono wangu hautaki."

Niliizima, nikaiwasha. Vijiti vya mtandao vikapanda papo hapo. Akacheka, akanipiga begani. "Yallah, si ungesema mapema!"

Ndipo ujumbe ukaanza kuingia, mmoja baada ya mwingine, wote wa kampuni: namba hii ilikutafuta ukiwa hupatikani. Namba moja tu, ya Libya. Jana mchana, jana jioni, jana usiku.

Tulipiga. Niliweka spika ili asikie. Mwanamume akapokea.

"Raafat? Yule Mmisri? Aliazima simu yangu jana kutwa. Wamepanda alfajiri hii."

"Mimi ni mama yake!" Tafida alipiga kelele. "Si alisema hapandi mpaka anisikie?"

"Nilimwambia labda huna chaji, mama. Akasema, mama yangu hazimi simu kamwe. Kama imezimwa, basi amechoka nami, hataki nirudi. Alilia sana."

"Sijachoka naye!"

"Hayupo, mama."

"Mwambie arudi! Mwambie sijachoka naye!"

Simu ilikatika. Aliendelea kuiambia vilevile, kwa sauti yake kubwa, majirani wakatoka milangoni. Sikumnyamazisha. Hiyo ilikuwa kabla ya baridi kuanza, na sasa ni joto. Raafat hajapiga.