Ndung'u Alitoka Saa Ngapi?

Ukitaka kumuudhi Ngina, mwambie subira huvuta heri. Amesubiri. Tangu amalize shahada yake ya sayansi ya vyakula chuoni pale Juja amevuta kila kitu isipokuwa hiyo heri. Amefanya mitihani ya waajiri mpaka anaijua tabia yake mmoja mmoja: ule wa hesabu, ule wa kusoma kifungu na kukitolea hukumu, ule wa maumbo yanayogeuzwa-geuzwa, na ule wa hulka, ambao wanakwambia hauna jibu sahihi wala kosa, halafu wanakuacha njiani kwa sababu yake. Mahojiano yenyewe ameyafikia mara mbili tu. Mara zote mbili aliambiwa, "Tutawasiliana." Hawajawasiliana.

Kwa hiyo yuko Makongeni, kwa kaka yake Karanja, anakula ugali wa Karanja na kulala chumba kimoja na mpwa wake Lynn. Na anayeupika huo ugali mara nyingi ni mke wa Karanja, Warigia, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Lynn. Warigia anafanya kazi katika kiwanda cha mikate hapo Thika. Msimamizi wa zamu yao alipoondoka, yeye ndiye aliyeambiwa ashikilie, akashikilia mpaka mikono ikachoka. Sasa wakubwa wameamua kuajiri msimamizi kamili, na kila anayeitaka nafasi, wa ndani au wa nje, atapimwa kwanza na wakala wa ajira aliye Ruiru. Atakayefaulu ndiye ataitwa mahojiano. Asiyefaulu, hata kama ni wewe uliyeshikilia, unarudi kwenye mstari kupanga mikate.

"Ngina, wewe hizi vitu umezifanya," Warigia akasema jioni moja, akivua viatu. "Nifundishe."

Laiti angejua alichojiombea, na Ngina laiti angejua alichokubali.

Hesabu haikuwa tatizo sana. Ngina alimpa swali: siku ya kwanza mikate elfu nne mia nane, sita kwa mia imeharibika, siku ya pili mikate elfu tano, tano kwa mia imeharibika. Siku gani hasara ni kubwa? Warigia akataka kuandika mstari baada ya mstari, kama alivyofundishwa shule ya msingi, na kuupigia kila mstari rula chini.

"Hapana, Mama Lynn! Hakuna anayekusahihishia hatua. Tafuta moja kwa mia, ni arobaini na nane. Mara sita, mia mbili themanini na nane. Ile ya pili ni mia mbili hamsini. Umemaliza, songa."

"Lakini ni nani aliwacha mikate yote hiyo iharibike?"

"Hakuna mtu! Hii ni swali!"

Baada ya hapo akamfunza kuruka swali linalomnata na kulirudia baadaye, kwa kuwa saa inakimbia na swali gumu lina alama sawa na rahisi. Akamwambia asome maagizo kwanza, ajue kama jibu baya linakata alama, maana kama halikati, kuacha nafasi wazi ni ujinga. Akamtafutia mazoezi ya bure mtandaoni, akamwekea saa kwenye simu. Warigia alikuwa anaizima saa kila ikilia na kuendelea kuandika, eti anamalizia.

Kisa chenyewe kilikuja kwenye vifungu. Maswali yalikuwa kwa Kiingereza, lakini ugomvi waliufanya kwa Kiswahili.

"Sikiza," Ngina akasema. "Malori yote yanayotoka ghalani kabla ya alfajiri hubeba mikate. Lori ya Ndung'u ilibeba mikate. Sasa wanauliza: lori ya Ndung'u ilitoka kabla ya alfajiri. Ni kweli, si kweli, ama haiwezi kujulikana?"

"Ni kweli."

"Haijulikani. Hawajasema malori ya baadaye hayabebi mikate."

Warigia akamtazama kwa huruma. "Ngina, mkate hautoki mchana. Wenye maduka wanataka chai ya asubuhi. Huyo Ndung'u akitoka saa nne atauzia nani?"

"Sahau maduka! Sahau chai! Unajua tu kile kimeandikwa hapo!"

"Sasa nisahau kazi yangu ndio nipewe kazi yangu?"

Hapo Ngina alisimama akaenda kuoga, na hakukuwa na maji. Alirudi amekasirika maradufu. Kilichomkera zaidi ni kwamba swali la Warigia lilikuwa na maana, na mtihani haukujali maana yake hata kidogo. Wakarudia vifungu hivyo jioni baada ya jioni, Karanja akiwaambia wapunguze sauti, mpaka Warigia akaanza kusema "haijulikani" kwa kinyongo, na mara nyingi akawa anapata.

Barua pepe ya wakala ikaja. Warigia akampa Ngina simu amsomee, maana miwani iko kiwandani. Ngina akasoma tarehe, akasoma jengo la Ruiru, akasoma cheo, kisha akarudia tangu juu. Yeye mwenyewe alikuwa na barua kama hiyo, neno kwa neno. Alikuwa ameomba kwa tangazo lililosema tu "kampuni ya vyakula, Kaunti ya Kiambu", kama mawakala wafanyavyo wasipotaka kumtaja mwajiri. Nafasi yake na ya wifi yake ilikuwa moja.

"Wanasemaje?" Warigia akauliza.

"Wanasema ubebe kitambulisho."

Hakusema lingine. Alijichukia kwa hilo, na akamchukia Warigia kwa kutomuuliza, na akamchukia wakala kwa kuficha jina la kampuni. Barua haikutaja maumbo, kwa hiyo kilichobaki kufundishwa kilikuwa mtihani wa hulka peke yake, na Ngina alijua wazi kwamba sentensi moja ingetosha kummaliza mke wa kaka yake. Angemwambia tu: chagua mazuri yote, kama unatoa ushuhuda kanisani. Warigia angefanya hivyo kwa furaha.

"Huo haufundishwi," akasema mwishowe, kwa ukali usiokuwa na sababu. "Sema ukweli. Watakupa sentensi nne, uchague inayokufanana zaidi na isiyokufanana kabisa. Jambo moja wataliuliza mara tatu kwa maneno tofauti. Ukijifanya malaika mara ya kwanza, mara ya tatu utakuwa umesahau."

"Hata ile ya hasira?"

"Hata hiyo. Wewe unakasirika, si tunakusikia."

"Na wewe je?" Warigia akacheka.

Siku yenyewe Ngina alitoka mapema, akaaga kwamba anaenda kuona rafiki. Alikuwa ameshaketi mbele ya kompyuta, ghorofa ya pili pale Ruiru, Warigia alipoingia akihema, kitambulisho mkononi.

"Haiya! Ngina?"

"Niliitwa pia."

"Kwa hii kazi?"

"Hii."

Ngina alingoja matusi. Angeyapokea, hata angeyafurahia. "Sasa si ungeniambia tuje pamoja?" Warigia akasema. "Mimi nimepotea huko nyuma, nimezunguka hiyo benki mpaka askari akaniuliza natafuta nini." Akaketi kwenye kompyuta ya jirani, akavaa miwani.

Hesabu Ngina aliimeza. Vifungu pia, na kikokotoo alikigusa mara chache tu. Ukaja ule wa hulka, ambao hauna haraka, na hapo ndipo alipojiharibia. Sentensi zilisema: huudhika watu wanaporudia makosa, hupenda kupanga kazi mapema, hufurahia kuongoza, hubaki mtulivu kila wakati. Kando yake Warigia alikuwa akinong'ona maswali kama anayesali. Ngina aliitaka ile kazi. Alitaka chumba chake na ugali wake. Akachagua utulivu kuwa ndio unaomfanana zaidi, na kuudhika kuwa ndiko kusikomfanana kabisa. Ukurasa uliofuata akachagua subira. Yeye! Mbele kidogo akakuta sentensi inayosema watu humwona mwepesi wa kuchoshwa na wengine, imewekwa pamoja na tatu mbaya kuliko hiyo, za uvivu na uzembe na uongo, na ilibidi achague moja inayomfanana. Akachagua ile ya kuchoshwa. Baadaye ikaja nyingine kama hiyo. Kurudi nyuma haikuwezekana.

Wiki iliyofuata Warigia akaitwa mahojiano. Ngina akapata barua ya "tunasikitika kukujulisha".

Aliwapigia simu kwa hasira. Aliyepokea alijitambulisha kama Auma, na alikuwa na sauti ya mtu aliyefokewa tangu asubuhi. Akasema kwa kawaida hawaelezi.

"Nieleze tu," Ngina akasema. "Hesabu nilikosa?"

"Hesabu uko juu kabisa, dada. Hata vifungu. Kwa hulka hakuna kupita ama kuanguka, lakini ripoti inaonyesha majibu yako hayaambatani. Mahali pengine hukasiriki kabisa, mahali pengine watu wanakuchosha. Mwajiri akiona hivyo, anaona mtu aliyejipamba. Ungejibu tu ukweli."

Ngina akakata simu. Mganga hajigangi, hilo alilijua, lakini hakujua kwamba linauma hivi. Alilia jikoni, akiwa na hasira na machozi yenyewe.

Jioni Warigia akaingia, akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Kesho ni mahojiano," akasema. "Nifundishe."

"Hiyo kazi naitaka mimi!" Ngina akapaza sauti, na Karanja akazima redio. "Unanisikia, Mama Lynn? Naitaka!"

"Nasikia. Hata mimi naitaka." Warigia hakuondoka kitini. "Ungetaka kuniharibia, ungeniharibia ile siku ya hulka. Nilijua ulikuwa na kitu, hukunitazama. Sasa niulize."

Ngina alipangusa pua. Alitafuta swali jepesi, akaudhika kwamba anatafuta jepesi, akatoa lile ambalo huwa haliachwi.

"Kuna wengine wameomba hii nafasi. Wamesoma kukuliko. Kwa nini tukuchukue wewe, tuwaache?"

Warigia akatikisa kichwa. "Hilo sitalijibu mbele yako."

"Utalijibu. Kesho watakaokuhoji watakuwa watatu, na hakuna hata mmoja atakuhurumia."

Warigia akamtazama Ngina usoni, akaanza kwa Kiingereza chake cha polepole, akasema anaijua zamu ile, anawajua watu wake, anajua tanuri likianza kukosea kabla halijakosea, na kwamba hao wengine anaamini ni wazuri, lakini kazi hii anaiweza kuwaliko. Alimaliza macho yamejaa.

"Usiseme unaamini ni wazuri," Ngina akamwambia. "Hawajakuuliza juu yetu. Toa hiyo. Anza tena."