Siku Mbili Kabla ya Vipele

Violet, mtoto wa darasa la pili huko Kilema, alitoka vipele vya tetekuwanga Jumamosi. Mama yake, Mektrida, alimzuia nyumbani mpaka malengelenge yote yalipokauka na kushika magaga, akamrudisha shule Jumatatu ya pili.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo, mwalimu wake Theodora, mjamzito wa miezi saba, akatoka vipele. Ugonjwa ukamshuka mapafuni, akafia hospitali pamoja na mtoto wa tumboni.

Msibani, wanawake waliokuwa wakimenya ndizi walimwachia Mektrida benchi zima. “Angemficha wiki moja zaidi,” mmoja alisema, asijali kusikika.

Mektrida akamwendea nesi Anaeli wa zahanati.

“Ulimrudisha kwa wakati, Mama Violet,” nesi alimwambia. “Magaga makavu hayaambukizi. Na tetekuwanga hukaa mwilini siku kumi au zaidi ndipo ijitokeze. Mwalimu aliipata kabla.”

“Kabla ya lini?”

“Huambukiza tangu siku mbili kabla ya vipele. Hakuna ambaye angejua.”

Mektrida alikumbuka Ijumaa ile, siku moja kabla Violet hajatoka vipele, akisimulia kwa furaha kwamba Mwalimu amempakata akimfundisha kusoma. Alishukuru, akaenda zake. Alichoambiwa na nesi hakumwambia Violet kamwe.