Nane kwa Kumi

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha hesabu za dawa katika chuo cha uuguzi, mkoani Singida, darasani nilikuwa na mama mmoja aliyenizidi zaidi ya miaka kumi. Alitoka Kintinku, alikotibu mifugo ya watu kabla hajapata nafasi ya kusoma. Kila asubuhi aliniamkia, "Shikamoo, madam," kwa kuwa ndivyo chuo kilivyotaka, nami niliitikia kwa aibu huku nikitazama chini.

Muhula ule nilitoa majaribio manne. La kwanza lilikuwa la alama kumi, la pili ishirini, la tatu ishirini na tano, la nne hamsini. Utaratibu wa chuo ulisema jaribio baya kuliko yote liondolewe, wastani utokane na matatu yaliyobaki, na asiyefikisha asilimia sitini asiende wodini na wenzake. Niliingiza alama kwenye kompyuta, nikaiamuru itafute namba ndogo kuliko zote katika mstari wa kila mwanafunzi na kuitoa. Zilizobaki ikazijumlisha na kuzigawa kwa jumla ya alama za majaribio yale matatu. Nikabandika orodha ukutani nikaenda kunywa chai.

Yule mama alikuwa amepata hamsini na tatu na ushee. Jina lake halikuwa miongoni mwa waendao wodini.

Alikuja ofisini mchana akiwa na daftari. Hakulalamika. Aliniomba nimwonyeshe jaribio lake lililoondolewa. Nikamwambia ni la kwanza, maana alipata nane tu, na mengine yalikuwa kumi na mbili, kumi na ishirini na tisa. Akasema taratibu:

"Madam, nane kwa kumi ndiyo mbaya kuliko kumi kwa ishirini na tano?"

Niliutazama tena mstari wake. Nane kwa kumi ni asilimia themanini, jaribio lake zuri kuliko yote. Nilikuwa nimelitupa hilo, nikabakisha lile la asilimia arobaini. Tena hili lilikuwa kosa ambalo niliwakataza wao kila wiki, kulinganisha namba bila kuuliza ni kati ya ngapi.

Nilimwambia, "Nimekosea. Nipe mpaka kesho."

Nilikwenda kwa mkuu wa taaluma, mzee mpole asiyependa maneno mengi. Nilimweleza, nikidhani tatizo ni hilo moja. Aliniuliza nagawaje. Nilipomwambia, alifungua kitabu cha taratibu akaniwekea kidole kwenye mstari: kila jaribio lina uzito sawa. Kwa kujumlisha alama, nilikuwa nimelifanya lile la hamsini liwe na uzito mara tano ya lile la kumi. Ilinibidi nigeuze kila jaribio kuwa asilimia kwanza, kisha niondoe ya chini, kisha nigawe kwa tatu. Yule mama alikuwa na themanini, sitini na hamsini na nane. Sitini na sita.

Nilifurahi, lakini sikumaliza. Nilirudia darasa zima, na mbele huko nikakuta msichana mmoja wa Kinampanda, mkimya, ambaye orodha ya ukutani ilimpa sitini na moja. Hesabu sahihi ilimpa hamsini, hamsini na sita na sabini na mbili: hamsini na tisa na theluthi. Nilikaa nimeshika karatasi yake. Kosa lilikuwa langu, na anayeumia ni yeye.

Asubuhi niliwaambia wote, nikaandika hesabu yangu mbovu ubaoni pamoja na ile sahihi. Msichana aliinama akalia bila sauti. Mkuu alikuwa ameshaniambia kuwa taratibu zinaruhusu aliye juu ya hamsini na tano kurudia jaribio moja baada ya wiki, na matokeo mapya yachukue nafasi ya ya zamani. Nikampa hilo neno pale pale.

Nilitegemea nimfundishe mwenyewe. Jioni niliwakuta kwenye veranda ya bweni, yule mama na msichana, kitabu katikati yao. Mama alikuwa akimweleza kwa Kinyiramba, lugha ya kwao msichana, alichojifunza kwa majirani, akichanganya na Kiswahili, jinsi ya kupima dozi ya ndama kwa kilo zake na ya mtoto kwa kilo zake. Sikuwasogelea.

Msichana alirudia lile la ishirini, ambalo mwanzo alipata nane. Safari hii alipata kumi na tatu, na lililoondolewa likawa la kwanza. Sitini na nne na theluthi. Nilihesabu mara tatu kwa kalamu kabla ya kugusa kompyuta, kisha nikamwita.

Jumatatu iliyofuata niliwaona wote wawili langoni, wamevaa sare nyeupe zilizopigwa pasi, wanasubiri gari la hospitali. Mama alitaka kuniamkia. Safari hii mimi nilimtangulia: "Shikamoo, mama."