Usafiri Utachelewa Kidogo

Kwa miaka kumi na moja aliyokaa mapokezi katika loji moja ya Mbagala, Auleria hakuwahi kumwambia mgeni kwamba jambo haliwezekani. Alisema "tunalifanyia kazi" au "vuta subira kidogo". Bosi alimsifu kwa ulimi huo, naye akauzoea.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Saa kumi na mbili asubuhi Fransis, dereva wa Noah ya loji, alipiga simu.

"Dada, bondeni maji yamepanda juu ya daraja, tena yanakwenda kasi. Mie leo sipiti. Labda kesho."

Auleria akaandika kwenye kundi la wageni: *Ndugu wageni, kutokana na mvua, usafiri utachelewa kidogo. Tafadhali mbaki ndani. Tutawajulisha gari likiwa tayari.*

Punde akatokea Bi Mwanaasha wa chumba namba nne, simu mkononi. Alikuwa ameingia jana jioni kutoka Lindi, kuja kumuuguza kaka yake aliyekuwa mgonjwa huko Mwananyamala. Kaka alikuwa amefariki alfajiri.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba. Ndugu zangu wananiuliza wazike leo adhuhuri au wanisubiri mpaka kesho. Gari lipo?"

"Lipo, mama. Linachelewa tu."

Bi Mwanaasha akasema kwenye simu, "Zikeni leo. Nakuja kumuona kabla hamjamtoa."

Auleria alisikia. Akapanga funguo ambazo zilikwisha pangwa.

Saa nne Erasmus, wakala wa forodha mwenye shughuli zake Kurasini, aliegemea kaunta. "Sista, hiyo 'kidogo' yako inaishia leo au Pasaka?"

Auleria alimpigia Fransis.

"Si nilikwambia tangu asubuhi?" Fransis akashangaa. "Maji ndiyo kwanza yanaongezeka."

Auleria alikwenda chumba namba nne. Bi Mwanaasha alikuwa ameketi kitandani, baibui mwilini, mkoba mapajani.

"Mama, barabara haipitiki. Nilijua tangu asubuhi."

Bi Mwanaasha alimtazama, kisha akapiga simu. Alisikiliza zaidi ya alivyosema.

"Wameshamwosha," alisema alipokata. "Watu wamejaa, msikiti unangoja. Ungeniambia, wangenisubiri."

Hakupandisha sauti. Alivua kiatu kimoja, kisha kingine, akavipanga chini ya kitanda.

Auleria alisimama mlangoni akingoja machozi, au walau moyo umwende mbio. Hakikuja kitu. Ilikuwa kama mkono uliolaliwa ukafa ganzi.

Alirudi kaunta, akafuta tangazo la kwanza na kuandika jingine: *Barabara ya bondeni imefungwa na maji. Leo hakuna gari. Msivuke kwa miguu wala kwa bodaboda. Mwenye ndege, basi au msiba, awaambie wenzake sasa hivi kwamba hafiki.*

Akalisoma mara moja. Hakulilainisha. Akalituma, na huko chumba namba nne simu ikalia mlio mfupi.