Siku Kambo Évariste Alipoishiwa na "Sana"

Kambo Évariste, babu yangu, alikuwa fundi wa reli kule Shituru. Treni zikaanza kuchelewa, mishahara ikafuata, mwishowe vyote viwili vikanyamaza. Lakini alikuwa na kazi ya pili ambayo haikuhitaji umeme wala mafuta ya mazuti. Alikuwa shibukombe, mtu anayetumwa na familia ya kijana kwenda kumwombea mke. Mtaani walisema nusu ya ndoa za avenue yetu zilipita mdomoni mwake.

Na mdomo huo ulikuwa na mtindo wake. Kambo alivaa koti la kahawia, akapiga makofi taratibu mlangoni, akakaa ukingoni mwa kiti, kisha akaanza kusifu. "Kijana yetu ni muzuri sana. Anatumika sana. Anaheshimu bantu sana, sana." Kila "sana" aliivuta kuliko ile iliyoitangulia. Zamani kila kijana alikuwa na kazi ya kampuni, na wazazi wa msichana walijua binti yao atakula nini. Zile "sana" zilikuwa mapambo tu. Kambo hakutambua kwamba siku hizi watu walikuwa wakizipokea kama noti zetu za zaïre: sifuri nyingi, na mkate haununuliwi.

Aligundua kwa sababu ya Jeancy.

Jeancy alikuwa jirani yetu. Baba yake alikufa, mama yake alikuwa na mguu uliovimba usiokubali safari. Jeancy alisukuma magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, kwa baiskeli, ambayo sisi tunaiita kinga, kutoka porini mpaka soko la Kikula, na alimtaka Chérie. Chérie ndiye aliyekuwa akinisuka nywele, kwa hiyo siku Kambo alipokwenda kuomba, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba yao, nimekaa chini katikati ya magoti yake. Dirisha lilikuwa juu ya vichwa vyetu, halina kioo. Tulisikia kila kitu.

"Mama Hortense," Kambo alianza, "Jeancy ni kijana muzuri sana."

"Hm," alijibu mama wa Chérie.

"Anatumika sana. Vraiment."

"Hm."

"Na Chérie, anamupenda sana sana, mpaka..."

"Papa Évariste." Hakuwa na hasira. "Ule bwana wa dada mukubwa ya Chérie, shibukombe yake alisema sana mingi kupita zako. Leo iko wapi? Ku Lubumbashi. Mutoto yangu alirudia hapa na mimba, peke yake. Sasa miye nakuuliza: weye, na macho yako, uliona Jeancy anafanya nini?"

Kambo alikohoa. "Ni kijana wa kweli. Kweli kweli."

"Kweli kweli ni sana yenye kuvaa koti."

Ningecheka, lakini vidole vya Chérie vilikuwa vimesimama kichwani mwangu, na msuko mmoja ulinivuta mpaka machozi.

"Sikatai kijana," Mama Hortense aliendelea. "Nakataa kutoa mutoto mwingine juu ya maneno. Urudie siku utakuwa umeona kintu."

Nyumbani Kambo alimkuta bibi yangu, Kambo Georgette (kwetu babu na bibi wote ni kambo), akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alilalamika kwamba watu wamepoteza heshima, kwamba maneno yaliyofanya kazi tangu wakati wa Wabelgiji leo yanatupwa kama maganda. Bibi aliendelea kutwanga.

"Weye, unajua juu ya nini baba yangu alikukubali?" alimuuliza.

"Nilikuwa kijana muzuri."

"Ulikuwa mwembamba kama ufagio, na koti ya kuazima. Shibukombe yako alisema kintu kimoja tu. Alisema: 'Uyu muntu ulimukopesha pompe ya kutia upepo mu kinga. Mvua ikamukuta njiani. Alivua shati, akafunga pompe ndani, akakuletea siku ileile.' Njo vile. Baba alikumbuka. Aliipokea ile pompe ikiwa kavu, na weye mwenye kuileta unatetemeka mbele yake kifua wazi."

Kambo akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Unakumbuka pompe?"

"Kulikuwa kitu gani kingine cha kukumbuka? Ile koti?"

Kesho yake hakuvaa koti. Alikwenda Kikula asubuhi, akakaa karibu na meza ya Mama Orpa anayeuza chumvi pembeni ya kinu cha unga, mahali Jeancy aliposhushia makala. Jumapili alisimama nje ya parokia yetu mapema kabla ya kengele. Katikati ya hapo alimwita Jeancy, wakazungumza uani muda mrefu, na Jeancy akatoka akiwa ameinamisha kichwa. Nilimuuliza Kambo alimfanya nini.

"Nilimuuliza mambo yake mabaya," alisema. "Muzuri nitaona mwenyewe."

Aliporudi kwa Mama Hortense, nywele zangu hazikuwa zimeharibika hata kidogo, lakini nilimwomba Chérie azifumue azisuke upya, palepale chini ya dirisha. Alikubali bila kuuliza sababu.

"Mama Hortense, Jeancy ni kijana..." Kambo alianza, kisha akajikatiza. Nadhani alikuwa akimeza "sana" yake. "Bantu ya makala banaweka vumbi chini ya gunia. Hata weye walishakuibia vile."

"Wote."

"Jeancy anamwanga gunia yote chini, mbele ya mwenye kununua, ajionee, njo anarudisha ndani. Nilimuona. Anapoteza wakati, benzake banamucheka. Orpa wa chumvi anamuonaka kila siku."

"Ule wa pembeni ya kinu?"

"Ule. Umuulize."

"Nitamuuliza."

"Siku ya Mungu habebi makala. Anabeba mama yake ku misa. Weye huwezi kumuona, unasali kwa bapentekoste. Alikata mbao ya banc ya zamani ya kukalia, akaifunga nyuma ya kinga ikuwe kiegemeo, juu mama asianguke. Pa mulima anashuka, anasukuma. Mama anaimba, yeye anahema."

Mama Hortense hakusema "hm".

"Na ingine. Ku ndoa ya rafiki yake alikunywa lutuku, akalala mu mufereji mpaka asubuhi. Nilimuuliza, hakukataa. Baada ya pale sijasikia kama alirudilia. Kama alirudilia na miye sijui, basi sijui."

Kiti kililia. Nafikiri Mama Hortense alijisogeza mbele.

"Lutuku, hata weye ungeficha," alisema.

"Ningeficha. Halafu ungesikia ku Orpa."

Mama Hortense alicheka kidogo, kicheko cha puani. "Jumapili, akimaliza misa, alete mama yake hapa. Ile kiti ya kinga nataka kuiona."

Chérie alikuwa ameacha kusuka tangu habari ya mlima. Sasa alianza tena, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Jumapili walifika wakiwa na vumbi. Jeancy alimshusha mama yake kwa mikono miwili, akasimama pembeni na shati lililoloa mgongoni. Kambo naye alikuwepo, na koti lake. Niliona midomo yake ikifunguka ili aongeze neno, kisha akaifunga.

Mama Hortense aliizunguka baiskeli. Alishika ile mbao, akaitikisa. Akaitikisa tena kwa uzito wake wote. Haikucheza. Alipitisha kiganja juu yake, mahali ambapo mgongo wa mama yake Jeancy ulikuwa umeilainisha.

Kisha akageukia nyumba.

"Chérie," aliita, "leta maji banawe mikono."